Maelekezo 624, Hakimiliki Hakuna

Mwaka 2022, katika maonyesho ya jimbo la Colorado nchini Marekani, Jason Allen alipata zawadi ya kwanza ya sanaa za kidijitali, dola 300. Picha yake ilionyesha watu waliovaa mavazi ya kifahari ndani ya ukumbi mkubwa, mbele ya duara kubwa linalomwaga mwanga. Picha hiyo aliianzia kwenye Midjourney, programu ya akili mnemba inayochora kwa kufuata maneno inayoandikiwa. Alisema aliandika na kuyarekebisha maelekezo yake mara 624 hivi, kisha akasafisha baadhi ya sehemu kwa Photoshop.

Alipokwenda kusajili hakimiliki, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilimtaka aiondoe kwenye ombi lake ile sehemu iliyotengenezwa na programu. Alikataa. Septemba 2023 akanyimwa usajili, naye baadaye akaenda mahakamani.

Mtu anaweza kuuliza: mara 624 zote hizo si kazi? Kazi ipo, tena ya kuchosha, lakini sheria ya Marekani haipimi jasho. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua mwaka 1991, katika kesi ya kitabu cha namba za simu, kwamba bidii peke yake haizai hakimiliki. Kinachotakiwa ni ubunifu, hata ukiwa mdogo, nao uwe umetoka kwa mtunzi mwenyewe.

Chukua mteja anayeagiza picha ya Tingatinga. Anamwambia mchoraji anataka tembo watatu chini ya mbuyu na anga la buluu. Akiona rasimu, anasema tembo wa kati asogee kidogo. Hata akirudi mara ishirini, mtunzi ni mchoraji, kwa sababu ndiye anayeamua mkonga upinde vipi na rangi ikolee wapi. Ofisi ya Marekani inamwona mwandika maelekezo kama mteja huyo. Shida ni kwamba aliyeshika brashi safari hii ni mashine, na mashine haiwezi kuwa mtunzi. Mahakama ya rufaa ya Washington ilithibitisha hilo Machi 2025. Basi picha inabaki haina mwenyewe.

Ukivuka kwenda China, mambo yanageuka. Novemba 2023 Mahakama ya Intaneti ya Beijing ilisikiliza kesi ya mtu aliyetengeneza picha ya msichana kwa Stable Diffusion, kisha akaikuta imepachikwa kwenye shairi la mtu mwingine, alama yake ikiwa imefutwa. Mlalamikaji alieleza jinsi alivyochagua maneno, akayapanga, akabadilisha vipimo vya programu na kuchuja matokeo hadi akaipata aliyoitaka. Mahakama ikasema chaguo hizo ni zake na zinaonyesha akili yake, kwa hiyo picha ni yake. Fidia ilikuwa yuani 500 tu, lakini hukumu ilisomwa dunia nzima.

Kwa hiyo nchi hizi mbili hazigombani kuhusu mashine. Zinagombana kuhusu pale uamuzi wa binadamu unapoonekana. Na Marekani yenyewe haijafunga mlango: Januari 2025 ilisajili picha moja ambayo mwenyewe aliijenga kipande kwa kipande, akichagua sehemu na kuijaza upya mara 35 hivi. Alichosajiliwa ni uteuzi na mpangilio wa vipande, si vipande vyenyewe.

Kenya ina kipengele ambacho wengi hawakijui. Sheria yake ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane, maneno yanayofanana na ya sheria ya Uingereza ya 1988. Tena inataka kazi iwe imetumiwa juhudi za kutosha kuipa sura yake ya asili. Kwa kipimo hicho, nadhani zile mara 624 zingekuwa na uzito Nairobi kuliko Washington. Kinachobaki kubishaniwa ni nani aliyefanya matayarisho: aliyeandika maneno, au kampuni iliyoiunda programu na kuifunza?

Usitulie kwa sababu masharti ya programu yanasema picha ni yako. Kampuni inaweza kukuachia haki ilizo nazo, lakini haiwezi kukupa haki ambayo sheria haiitambui.

Kama unatengeneza jalada la kitabu au nembo ya duka kwa programu hizi, hifadhi kila toleo la maelekezo yako na kila rasimu pamoja na tarehe zake. Kisha ishike picha mwenyewe: chora juu yake, ikate, ipange upya, na uweke kumbukumbu ya ulichobadilisha. Siku ya ugomvi, utaulizwa sehemu ipi ni yako.