Meseji Mbili kwa Miadi Moja

Jumatatu asubuhi, kwenye dirisha la zahanati moja ya Rubafu, mama amefika na watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono. Karani anafungua rejesta: aliyepangiwa chanjo ni yule wa mgongoni tu. "Lakini zimeingia meseji mbili," mama anasema, "nikajua kila mtoto na yake." Nyuma yake mzee wa dawa za presha anauliza kama ile ya pili ilikuwa inaahirisha ya kwanza. Zahanati hii na karani wake ni wa kubuni. Hitilafu yenyewe ni ya kweli, na wanaotunza mifumo ya kukumbusha miadi wanaifahamu vizuri.

Karani alianza kwa kulaumu mtandao, na hakukosea kufikiri hivyo. Programu hukabidhi meseji kwa mtambo wa kampuni ya simu na kusubiri jibu. Jibu likichelewa, programu nyingi hutuma tena, kumbe ya kwanza ilishapokelewa. Ila kosa la aina hiyo huchagua watu: leo watatu, kesho mmoja, wale tu ambao jibu lao lilikwama. Hapa wagonjwa wote 38 wa siku hiyo walipata mbili kamili, hakuna aliyepata moja wala tatu. Ukiona usawa wa namna hiyo, acha mtandao kwanza. Ama orodha ya wagonjwa imejirudia, ama kazi nzima imefanyika mara mbili.

Kutofautisha hayo mawili si kazi ngumu. Kompyuta ya zahanati ni ya Linux, na kazi za kila siku huanzishwa na programu iitwayo cron, ambayo huandika kwenye kumbukumbu kila kazi inayoianzisha, pamoja na akaunti iliyoiagiza. Fundi aliyepigiwa simu Bukoba mjini alimwomba karani aandike amri moja tu na kumsomea kilichotokea:

```
sudo grep 'CRON.*tuma.sh' /var/log/syslog
08:00:01 CRON[2114]: (karani) CMD (/opt/miadi/tuma.sh)
08:00:01 CRON[2115]: (root) CMD (/opt/miadi/tuma.sh)
```

(Tarehe na jina la kompyuta nimeviondoa.) Kama orodha ndiyo ingekuwa na wagonjwa waliojirudia, kungekuwa na mstari mmoja. Iko miwili, ya sekunde ileile: kazi moja imeagizwa na akaunti mbili.

Ilivyofika hapo inaeleweka. Fundi aliyefunga mfumo aliujaribu kwanza kwenye akaunti ya karani. Aliporidhika akauhamishia kwenye root, akaunti ya msimamizi mkuu, akasahau kufuta ratiba ya majaribio. Aliyekuja kukagua akaandika `crontab -l`, akaona mstari mmoja, akaondoka na amani. Amri hiyo humwonyesha mtu ratiba ya akaunti yake tu. Ya msimamizi huonekana kwa `sudo crontab -l`, na nyingine zinaweza kuwa ndani ya `/etc/cron.d`. Ukikagua sehemu moja hujakagua.

Kufuta mstari mmoja kulitosha kwa siku hiyo. Mafundi wengi huongeza `flock -n`, kufuli linaloizuia kazi kuanza wakati nakala yake bado inaendelea. Ni jambo zuri, ila lina mpaka: nakala ya kwanza ikimaliza saa mbili na dakika tatu, na mtu akaianzisha tena kwa mkono saa mbili na nusu, kufuli limeshafunguka na wagonjwa watapata meseji ya pili vilevile.

Ulinzi wa kudumu uko kwenye hifadhidata. Kila ukumbusho unaotumwa uandikwe kwenye jedwali, na jedwali likatazwe kupokea miadi ileile mara mbili kwa siku moja:

```
UNIQUE (miadi_id, siku)
```

Nakala ya pili ikijaribu kuandika, hifadhidata inakataa, na programu inamruka mgonjwa huyo. Kuandika kukitangulia kutuma, haijalishi cron imeamka mara ngapi.

Linabaki swali moja ambalo si la fundi peke yake: kuandika kutangulie au kutuma? Ukiandika kwanza, umeme ukakatika kabla ya kutuma, mgonjwa hapati kitu na mfumo unaamini amepata. Ukituma kwanza, umeme ukakatika kabla ya kuandika, atapata mbili kazi ikianzishwa upya. Hakuna mpangilio unaoziba matundu yote mawili, kwa sababu simu ya mgonjwa iko nje ya hifadhidata yako. Kwa zahanati ningechagua kutuma kwanza, programu ikiangalia jedwali kabla ya kutuma na `flock -n` ikizuia nakala mbili za wakati mmoja, kwani anayekosa ukumbusho wa dawa za presha anaweza kukaa wiki bila dozi. Kisha ningebadilisha maneno ya meseji yenyewe, jina la mgonjwa na tarehe ya miadi viandikwe wazi, ili hata ikiingia mara mbili ionekane ni ileile. Ugonjwa usitajwe, maana simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja nyumbani.