Kabla hujalipia mfumo wa duka, jua kinachohesabiwa

Tumchukue mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala na tawi dogo Kongowe. Miaka yote mauzo yake yameandikwa kwenye daftari la kaunta. Sasa anataka mfumo wa kompyuta utakaomwambia jioni, akiwa nyumbani, kimeuzwa nini, kimebaki nini na nani anadaiwa. Amefungua orodha ya bei ya kampuni ndogo kwenye simu yake. Duka hili na bei hizi nimezitunga ili tupate kupiga hesabu pamoja, lakini mpangilio ndio huo utakaoukuta kwa wauzaji wengi: vifurushi vitatu vimesimama kwa safu, cha katikati kimepakwa rangi na kuandikwa "Chaguo la wengi".

Kifurushi cha kwanza ni shilingi 15,000 kwa mwezi: duka moja, mtumiaji mmoja, bidhaa zisizozidi 200. Cha pili ni 40,000: duka moja, watumiaji watatu, bidhaa bila kikomo. Chini yake, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba duka la ziada ni 25,000 na mtumiaji wa ziada ni 8,000. Cha tatu ni 95,000: maduka matatu, watumiaji kumi, na meseji 500 za kuwatumia wateja kila mwezi. Kwenye vifurushi viwili vya mwanzo meseji hununuliwa kando, shilingi 25 kila moja, na anayezimaliza zile 500 za cha tatu hulipia za ziada kwa bei hiyo hiyo.

Jicho hukimbilia namba kubwa. Mimi namshauri mwenye duka aanze na yale maneno yaliyo chini ya namba, kwa sababu ndiyo yanayosema mfumo unauzwa kwa kipimo gani. Sukari hupimwa kwa kilo na kitambaa kwa mita; mfumo hupimwa kwa idadi ya maduka, watu, bidhaa au meseji. Ukishajua kipimo ni kipi, hesabu vyako mwenyewe kwanza, kisha ndipo urudi kwenye bei.

Anza na bidhaa, maana hapo wengi hukosea kwa kujihesabia kidogo. Mama anaweza kusema anauza "rangi, mabati, misumari na mabomba", akaona 200 ni nyingi mno. Mfumo hauhesabu hivyo. Rangi ya kiwanda kimoja yenye aina 12, kila aina ikiwa kwenye kopo la lita 1, la lita 4 na ndoo ya lita 20, ni bidhaa 36. Mabati ya geji 28, 30 na 32, kila geji kwa rangi tano na urefu wa aina tatu, ni bidhaa 45. Hapo tayari ni 81 na hatujafika kwenye misumari ya inchi moja hadi sita. Duka la vifaa vya ujenzi litaijaza ile 200 mapema, na kifurushi cha kwanza kinatoka kwenye mjadala. Kwa kinyozi, au kwa mama lishe mwenye vyakula 20, kingetosha kabisa.

Sasa watu. Mama mwenyewe ni mmoja, keshia wawili, kila mmoja dukani kwake, mtunza stoo mmoja, na mhasibu anayekuja kila mwisho wa mwezi. Watano. Simu ya namna hii ndiyo anayopaswa kuipiga kabla ya kulipa:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina mhasibu anayekuja siku moja tu kwa mwezi. Naye anahesabiwa?"

"Anahesabiwa mama. Kila mwenye jina na nywila yake kwenye mfumo ni mtumiaji."

"Na vijana wa kaunta nikiwapa nywila moja watumie wote?"

"Mfumo utakubali mama, lakini sikushauri."

Kijana huyo amesema kweli, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo ubahili unapomgharimu mwenye duka. Chukulia jioni moja droo ya Mbagala imepungua shilingi 38,000. Mama anafungua mfumo, anakuta kuna mauzo yaliyofutwa saa kumi na moja jioni, na aliyefuta ameandikwa "kaunta". Keshia anasema alikuwa amekwenda kuswali, mtunza stoo ndiye aliyeshika kaunta. Mtunza stoo anasema hakugusa. Mfumo hauwezi kusema zaidi ya hapo, maana wote wawili ni "kaunta". Kama kila mmoja angekuwa na jina lake, swali lingejibiwa pale pale, na asiye na kosa angelala bila kushukiwa. Mtumiaji wa ziada ni 8,000 kwa mwezi, chini ya bei ya mfuko mmoja wa saruji. Usibane matumizi hapo. Uliza pia kama kifurushi unachokitaka kinakuruhusu kumzuia keshia asifute mauzo bila idhini yako, kwa sababu majina bila mipaka hiyo hukuonyesha tu mwizi baada ya wizi.

Basi tupige hesabu ya kifurushi cha pili. Bei ya msingi 40,000, tawi la Kongowe 25,000, watumiaji wawili wanaozidi wale watatu 16,000. Jumla 81,000 kwa mwezi. Ile 40,000 iliyovutia jicho imeongezeka zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyedanganya, yote yaliandikwa.

Zimebaki meseji. Mama ana mafundi 300 anaowapa taarifa mara moja kwa mwezi mzigo mpya unapofika. Mafundi 300 kwa shilingi 25 ni 7,500, na jumla inakuwa 88,500. Lakini hesabu hiyo ni sahihi kwa meseji fupi peke yake. Mtandao wa simu huhesabu meseji moja kuwa herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ikizidi, inakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Ujumbe wa herufi 200 ni meseji mbili kwa kila fundi: 15,000.

Kuna mtego mwingine mdogo unaotugusa sisi tunaoandika Kiswahili. Andika "rangi ya kung'aa" kwenye simu au kompyuta, na mara nyingi kile kialama cha ng' hupindishwa chenyewe kikawa kama mkia wa koma. Alama iliyonyooka imo katika orodha ya herufi za kawaida za meseji. Iliyopinda haimo, kama ambavyo vikatuni vya uso unaocheka navyo havimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo mwingine wa herufi, ambao meseji moja hubeba 70 badala ya 160, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya 67. Taarifa ya herufi 150 iliyopaswa kuwa meseji moja inakuwa tatu. Mama atalipa 22,500 badala ya 7,500 kwa sababu ya alama ambayo haonekani kuitilia maanani mtu yeyote. Dalili yake ni rahisi kuiona: kabla ya kutuma, mfumo mzuri huonyesha idadi ya meseji pembeni ya ujumbe. Ukiona 3 mahali ulipotegemea 1, futa ile alama uiandike upya ikiwa imenyooka, au tumia neno lisilo nayo.

Akiandika vizuri, basi, kifurushi cha pili ni 88,500 na cha tatu ni 95,000, kwa kuwa meseji zake 300 zinaenea ndani ya zile 500. Tofauti ni 6,500 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 78,000 anazolipia nafasi za watumiaji na duka ambazo hazitumii. Mizani inageuka siku atakapofungua duka la tatu na kuajiri keshia mwingine: cha pili kinapanda hadi 121,500 na cha tatu kinabaki 95,000 ile ile. Kwa hiyo anayejua kwamba atafungua tawi mwezi ujao aanze na cha tatu. Anayelitumainia tu aanze na cha pili, mradi ameuliza kama kuhama katikati ya mwezi kunaruhusiwa bila kuanza upya kuingiza bidhaa.

Bei hizo, je, zina VAT ndani? Kama muuzaji amesajiliwa na hakuijumlisha, kiwango cha kawaida cha Tanzania Bara ni asilimia 18, hivyo 88,500 inakuwa 104,430. Kenya ni asilimia 16. Jambo linalokaribiana na hilo ni risiti. Karatasi inayotoka kwenye mashine ya mfumo si risiti ya TRA mpaka mfumo wenyewe uwe umeunganishwa na ule wa mamlaka kwa njia ya VFD. Kwa Kenya ni eTIMS ya KRA. Uliza muunganiko huo uko kwenye kifurushi kipi na kama una ada yake ya kuanzia. Asiyeuliza hujikuta analipia mfumo na bado anapiga kila risiti mara ya pili kwenye mashine ya EFD.

Karibu kila orodha itakushawishi ulipe mwaka mzima upate miezi miwili bure. Kwa mama, kabla ya VAT, ni 885,000 badala ya 1,062,000, kama punguzo linahusu na nyongeza zote, jambo la kuliuliza. Ni punguzo la kweli, lakini linamfaa anayefika mwezi wa kumi na moja. Akiacha mwezi wa tano angekuwa amelipa 442,500 tu kwa malipo ya mwezi mmoja mmoja. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo itakayoonyesha kama keshia wanauingiza mauzo kweli au wamerudi kwenye daftari, kama mfumo unaendelea kuuza mtandao ukikatika, na kama simu ya msaada inapokelewa Jumamosi jioni wakati duka limejaa.

Jaribio la mwisho lifanywe ndani ya zile siku 14 za bure. Ingiza bidhaa kumi, uza chache, andika deni la mteja mmoja, kisha bonyeza `Export`. Unataka faili la CSV au la Excel lenye bei za kununulia, madeni na kila risiti, siyo PDF ya jumla ya mauzo, kwa sababu PDF huwezi kuiingiza kwenye mfumo mwingine siku utakapohama. Kampuni nyingine huweka kitufe hicho kwenye kifurushi cha juu pekee. Hapo mimi ningeiacha hata kama bei yake ni nusu, maana orodha ya wadeni wa mama ni mali ya mama. Muulize pia muuzaji: nikichelewa kulipa, kumbukumbu zangu zinafungwa baada ya siku ngapi, na zinafutwa lini? Jibu alitoe kwa maandishi.

Kwa maduka mawili na watu watano, kifurushi cha pili ndicho chake, kwa malipo ya mwezi hadi miezi mitatu ipite. Kwenye orodha kiliandikwa 40,000. Atakayolipa ni 104,430.