Sentimita Moja Iliyopotea: Kuandika Mbinu na Uchambuzi wa Makosa katika Ripoti ya Maabara

Ripoti nyingi za maabara ya fizikia huishia na sentensi ileile: "Jibu halikulingana na la kitabu kwa sababu ya upepo, msuguano na makosa ya kibinadamu." Haina dosari ya kisarufi, ila haimwambii msomaji chochote. Upepo uliongeza jibu au uliipunguza thamani yake? Kwa kiasi gani? Na huyo binadamu alikosea nini, katika hatua ipi? Nimesahihisha ripoti za namna hii kwa miaka, na naamini kwamba udhaifu wake hauanzii kwenye sehemu ya makosa. Unaanzia nyuma, kwenye sehemu ya mbinu, pale mwandishi alipoacha kuandika jambo ambalo angelihitaji baadaye.

Tuchukue jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa fizikia hulifanya: penduli, yaani gololi iliyofungwa kwenye uzi, ikaning'inizwa na kuachwa ibembee. Kwa kupima urefu L na muda T wa mbembeo mmoja, yaani kwenda na kurudi, tunapata g, mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Kanuni yake ni hii:

g = 4π²L / T²

Wanafunzi wawili wamefunga gololi ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 2.0. Uzi umebanwa kati ya vipande viwili vya kizibo kwenye stendi. Wameona uzi una urefu wa sentimita 80.0, wamepima muda wa mibembeo 20 mara tano, na wamepata g ya 9.66 m/s². Sasa wanakaa kuandika.

Ripoti dhaifu itasema: "Urefu wa uzi ulipimwa, kisha muda wa mibembeo ulipimwa kwa stopwochi." Nyingine itanakili karatasi ya maelekezo neno kwa neno: chukua uzi, funga gololi, pima muda. Hayo ni maagizo ya mwalimu. Sehemu ya mbinu inaeleza kilichotendeka, kwa wakati uliopita, na inaeleza hasa yale ambayo mtu mwingine angeweza kuyafanya tofauti. Rangi ya stendi haibadilishi jibu, kwa hiyo haina nafasi. Mahali rula ilipoanzia na ilipoishia panabadilisha jibu, kwa hiyo lazima patajwe.

Aya nzuri ingekuwa hivi: "Uzi ulibanwa kati ya vipande viwili vya kizibo ili sehemu ya kubembea isihame. Urefu ulipimwa kwa rula ya mita, kuanzia ukingo wa chini wa kizibo hadi juu ya gololi. Gololi ilivutwa pembeni kwa nyuzi 5, ikaachiwa bila kusukumwa. Alama iliwekwa nyuma ya uzi mahali unapopita ukiwa umesimama wima. Stopwochi iliwashwa gololi ilipopita kwenye alama, pito hilo likihesabiwa sifuri, na ikazimwa mwishoni mwa mbembeo wa 20. Kipimo kilirudiwa mara tano."

Kila kipande cha aya hiyo kina kazi. Alama imewekwa katikati ya njia, na si mwishoni, kwa sababu gololi hupita katikati kwa kasi kubwa kuliko popote, na jicho hutambua kwa urahisi wakati wa kupita. Mwishoni gololi husita kabla ya kugeuka, na ni vigumu kusema imegeuka lini. Kuanza na sifuri kunazuia kosa la zamani la kuhesabu "moja" wakati wa kuwasha saa, ambalo humwachia mpimaji mibembeo 19 akidhani ni 20. Nayo mibembeo 20 imechaguliwa kwa hesabu. Stopwochi huonyesha hadi sehemu ya mia ya sekunde, lakini kidole cha mtu hakina wepesi huo, na tofauti ya sekunde 0.1 kati ya pigo na pigo ni ya kawaida. Ukipima mbembeo mmoja wa sekunde 1.8, hiyo 0.1 inaiyumbisha g kwa zaidi ya 1 nzima juu au chini, na jibu halifai kitu. Ukiigawa 0.1 hiyohiyo kwa mibembeo 20, g inayumba kwa takriban 0.05 tu.

Tuje kwenye namba. Vipimo vitano vya mibembeo 20 vilikuwa sekunde 36.12, 36.31, 36.04, 36.22 na 36.11. Wastani ni 36.16. Havilingani, na havitakiwi kulingana. Mwanafunzi anayeleta 36.16 mara tano ananitia wasiwasi kuliko huyu. Mtawanyiko wenyewe ndio unaotuambia mkono uliyumba kiasi gani. Ukikokotoa mchepuko wastani wa vipimo hivi unapata sekunde 0.11 hivi. Ukiugawa kwa kipeuo cha pili cha tano, kwa kuwa wastani wa vipimo vitano ni thabiti kuliko kipimo kimoja, unabaki na sekunde 0.05. Gawa vyote kwa 20: T ni sekunde 1.808, na shaka yake ni 0.0024, yaani asilimia 0.13.

Kwenye kanuni T imezidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo mchango wake katika shaka ya g ni mara mbili, asilimia 0.26. Rula inasomeka hadi milimita moja kwa uhakika tukizingatia ncha zote mbili, na milimita 1 kati ya 800 ni asilimia 0.13 hivi. Shaka hizi mbili hazitegemeani. Ni nadra zote mbili kuvuta upande mmoja kwa nguvu zote. Kwa sababu hiyo hatuzijumlishi moja kwa moja. Tunazidisha kila moja kwa yenyewe, tunajumlisha, kisha tunatafuta kipeuo cha pili. Inatoka asilimia 0.29, sawa na 0.03. Jibu linaandikwa: g = 9.66 ± 0.03 m/s².

Hapa ndipo wengi hufunga daftari. Wanachukua 9.8 ya kitabu, wanakokotoa "asilimia ya kosa", wanataja upepo, wamemaliza. Lakini asilimia hiyo inaonyesha tu umbali kati ya namba mbili. Haisemi kama umbali huo ulitarajiwa.

Kwanza, tulinganishe na namba ya mahali petu. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta, na pia huzunguka, hivyo g hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Paris ni 9.81, Dar es Salaam na Mombasa ni 9.78. Jambo hili lenyewe lilijulikana kupitia penduli. Mwaka 1672 mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Aliona kwamba penduli iliyohesabu sekunde sawasawa Paris ilichelewa kule kwa takriban dakika mbili na nusu kwa siku, ikabidi aifupishe. Ingekuwa rahisi kusema ni joto la nchi, kwani chuma hurefuka kikipata joto na penduli ndefu hubembea polepole. Baadaye Newton aliipima hoja hiyo kwa namba: akalinganisha kiasi ambacho joto hurefusha fimbo na kiasi ambacho penduli ilihitaji kufupishwa, akaona joto halitoshi. Kilichobaki kilitokana na dunia yenyewe. Huo ni uchambuzi wa makosa kwa maana kamili. Sababu inatajwa, ukubwa wake unakadiriwa, kisha inakubaliwa au kukataliwa kwa ukubwa huo.

Wanafunzi wetu, tuseme wako Dar es Salaam, wana 9.66 mbele ya 9.78. Pengo ni 0.12, mara nne ya shaka yao ya 0.03. Mtikisiko wa kidole hauwezi kulieleza. Kuna kitu kilichovuta vipimo vyote upande mmoja, na kurudia kipimo mara mia kusingekionyesha.

Washukiwa wapimwe mmoja mmoja kwa maswali mawili: anavuta upande gani, na kwa nguvu gani? Hewa huibeba gololi kidogo na kuishusha g, upande unaotakiwa, lakini kwa gololi ya chuma mchango huo haufiki hata 0.002. Pembe kubwa nayo hurefusha mbembeo na kuishusha g. Kwa nyuzi 5 ni kama 0.01, na hata wangevuta hadi nyuzi 10 isingezidi 0.04. Upande ni wenyewe, nguvu haitoshi. Kosa la kuhesabu mibembeo 19 kama 20 lingeipandisha g hadi karibu 10.7, kwa hiyo linaondolewa kwa upande na kwa ukubwa.

Anabaki mmoja, na ameandikwa kwenye mbinu: "hadi juu ya gololi". Urefu wa penduli huishia katikati ya gololi, kwenye kitovu cha uzito wake. Nusu kipenyo ni sentimita 1.0, ambayo ni asilimia 1.25 ya sentimita 80, na kwenye g ni 0.12. Upande ni wenyewe na ukubwa ni wenyewe. Weka sentimita 81.0 kwenye kanuni, upate 9.78. Sasa rudi kwenye ile ripoti dhaifu iliyosema tu "urefu wa uzi ulipimwa". Mwandishi wake asingeweza kumkamata mshukiwa huyu, wala mwalimu wake asingeweza.

Hata hivyo, namba kukubali si uthibitisho kamili, na ripoti ya kweli husema hivyo. Njia ya kuthibitisha ni kupima kwa nyuzi za urefu mbalimbali, tuseme kuanzia sentimita 40 hadi 120, na kuchora grafu ya T² dhidi ya urefu. Kama kila urefu umepungukiwa sentimita 1 ileile, nukta bado zitakaa kwenye mstari mnyoofu, na mteremko wake, takriban 4.04, utatoa g sahihi. Ila mstari hautapita kwenye sifuri. Utaukata mhimili wa T² kwenye 0.04, na ukiurefusha nyuma utaukata mhimili wa urefu kwenye sentimita 1 upande wa hasi. Ndiyo maana ni makosa kuulazimisha mstari upite kwenye sifuri kwa kuwa eti kanuni inasema hivyo. Kwa kufanya hivyo mwanafunzi anafuta ushahidi aliokuwa akiutafuta.

Kwenye ripoti, vipimo vya awali vinabaki kama vilivyoandikwa siku ya jaribio: sentimita 80.0, na g ya 9.66 ± 0.03. Marekebisho yanafuata chini yake, na sababu yake na hesabu yake, na kipimo cha gololi kilichotumika kwa rula au venia. Na kama washukiwa wote wamepimwa na pengo bado lipo, sentensi ya mwisho isikimbilie upepo: iandikwe kwamba pengo la kiasi fulani halijaelezwa, kwamba sababu hizi zimekataliwa kwa ukubwa huu, na kipimo gani kifanywe kwanza watakaporudi maabara.