Moto Umezimika, Sasa Anakuja Mkadiria Hasara

Siku chache baada ya duka kuungua, mtu mwenye kamera na kishikwambi anafika, anakagua nyaya za umeme, anahesabu marobota yaliyobaki na kuuliza maswali mengi. Wenye maduka wengi humwona kama polisi wa kampuni ya bima. Si hivyo, ingawa si mtetezi wako pia. Ni mkadiria hasara. Hapa Tanzania anafanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na anayemlipa ni kampuni ya bima. Kazi yake ni kujua nini kilitokea, kama mkataba wako unakigusa, na hasara ni kiasi gani. Uamuzi wa kulipa si wake. Yeye anaandika ripoti, kampuni ndiyo inayoamua.

Tuchukue mfano wa duka la vitenge Mwanza, lililokatiwa bima ya moto ya shilingi milioni 50. Bidhaa zilizoungua hazihesabiki tena, kwa hiyo mkadiria anazihesabu kwenye karatasi. Hesabu ya Januari ilionyesha bidhaa za milioni 45. Tangu hapo ziliingia za milioni 110, na zilizouzwa, kwa bei ya kununulia, ni za milioni 80. Basi siku ya moto dukani palikuwa na bidhaa za milioni 75. Vitenge vya milioni 15 vilipona kabisa. Vilivyolowa na kunuka moshi anakadiria vitauzika kwa milioni 6. Hasara inabaki milioni 54.

Mwenye duka anatarajia milioni 50, maana ndicho kiasi alichokatia bima. Hapo ndipo wengi hukasirika. Bidhaa zilikuwa za milioni 75 naye alikatia bima theluthi mbili tu, kwa hiyo mikataba mingi ya moto humlipa theluthi mbili ya hasara: milioni 36, kabla ya kutoa kile kiasi ambacho mkataba unamtaka abebe mwenyewe. Theluthi ya tatu hakuilipia ada, basi anahesabiwa kuwa ameibeba yeye.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kuongeza chumvi kuwa biashara mbaya. Akidai bidhaa zilikuwa za milioni 90, hasara kwenye karatasi inapanda hadi milioni 69, lakini sehemu iliyokatiwa bima inashuka hadi 50 kwa 90. Malipo yanakuwa kama milioni 38.3. Uongo wa milioni 15 umemletea milioni 2 na ushei, na ukigundulika kampuni inaweza kukataa dai zima.

Ukaguzi wenyewe unahitaji vitu viwili: ushahidi na eneo lisilovurugwa. Usimwage vifusi kabla hajaviona. Lakini usiache mvua imalizie kilichobaki, kwa sababu mkataba unakutaka uzuie hasara isikue: funika paa kwa turubai, tenga vikavu na vilivyolowa, piga picha kabla ya kusogeza chochote na tunza risiti za gharama hizo. Daftari likiungua, nakala zipo kwingine: kwa waliokuuzia, benki, kwenye kumbukumbu za risiti za EFD na miamala ya Lipa Namba. Akiuliza chanzo cha moto, eleza ulichokiona. Dhana kama “labda ni pasi tuliyosahau” itaandikwa kama maelezo yako, na kuifuta baadaye ni kazi.

Usipokubaliana na makadirio, omba mchanganuo wake kwa maandishi, kisha pinga mstari mmoja mmoja. “Ni kidogo mno” haijibiki. Mwenye duka letu angeweza kuleta barua ya mnunuzi anayetoa milioni 3 tu kwa vitenge vyenye moshi. Hasara ingekuwa milioni 57 na malipo milioni 38. Kwa madai makubwa unaweza kumlipa mtaalamu wako akague, ila afike kabla mabaki hayajauzwa.

Kampuni ikishikilia msimamo, peleka malalamiko rasmi kwa uongozi wake, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Soma pia kifungu cha usuluhishi katika mkataba wako: mara nyingi mzozo wa kiasi tu unapelekwa kwanza kwa msuluhishi binafsi, na kampuni inapokana dai lenyewe njia ni nyingine. Mahakama ipo, kwa gharama na muda wake.

Wakati wote huo utaletewa karatasi ya kukubali malipo. Tafuta maneno “kamili na ya mwisho”. Ukiisaini, mzozo umefungwa hata kama barua yako ya kupinga iko njiani. Omba kwanza ulipwe sehemu isiyobishaniwa, kwa karatasi inayosema wazi kwamba salio bado linajadiliwa.