Karatasi ya PGCD na PPCM: namna ya kuisahihisha kutoka kwenye picha

Kigawo Kikubwa cha Shirika ni namba kubwa kuliko zote inayogawa namba mbili bila kubakiza kitu. Kigawe Kidogo cha Shirika ni namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba hizo mbili. Vitabu vya Tanzania huviita KKS na KDS. Kolwezi na kwingineko Lualaba, ambako hesabu hufundishwa kwa Kifaransa, karatasi ya mwanafunzi huandikwa PGCD na PPCM.

Majina haya huwapotosha wengi. KKS huitwa “kikubwa” lakini haiwezi kuizidi namba iliyo ndogo kati ya mbili zilizotolewa. KDS huitwa “kidogo” lakini haiwezi kupungua chini ya ile iliyo kubwa. Kwa 168 na 180, “kikubwa” ni 12, na “kidogo” ni 2,520. Mwanafunzi aliyeandika PPCM ndogo kuliko 180 amekosea hata kabla ya hesabu yake kusomwa.

Karatasi inapopigwa picha kwa simu, usahihishaji huanza na usomaji wa tarakimu. Katika mwandiko wa shule za Kongo, 7 hukatwa kistari katikati, na 1 huwa na mkia mrefu unaopanda. Kistari kikififia kwenye picha, 7 na 1 hufanana. Kipeo nacho hushuka kikalingana na namba yake, hata 2³ ikasomeka 23.

Dawa yake ni kuzidisha vigawo vyote vilivyo mwishoni. Tuseme 168 imechanuliwa kwa mti: 12 na 14, kisha 12 ikawa 3 na 4, 4 ikawa 2 na 2, na 14 ikawa 2 na 7. Ncha zake ni 2, 2, 2, 3 na 7, na zikizidishwa zinarudisha 168. Ncha ya mwisho ikisomwa kama 1, jibu linakuwa 24. Kipeo kikisomwa vibaya, 23 × 3 × 7 inatoa 483. Hivyo zidisho hilo moja huonyesha kosa la mwanafunzi na la msomaji wa picha pia.

Mwanafunzi mwingine anaweza kuanza na 8 na 21. Matawi yatatofautiana, lakini ncha zitakuwa zilezile, kwa kuwa kila namba inayozidi 1 ina seti moja tu ya vigawo tasa. Kwa hiyo zinazolinganishwa ni ncha, si matawi. Wengi huchora mstari wa wima badala ya mti: vigawo tasa kulia, majibu ya kugawa kushoto, hadi ifike 1. Katika mstari huo, 1 ya chini kushoto ni mahali pake. Katika mti, 1 si ncha halali, kwa sababu si namba tasa.

Zidisho likikubali, bado kila ncha ikaguliwe kama ni tasa kweli. Zinazodanganya zaidi ni 51, 57 na 91: ya kwanza ni 3 × 17, ya pili 3 × 19, ya tatu 7 × 13.

Sasa 180 ni 2² × 3² × 5. Kwa KKS huchukuliwa vigawo vya pamoja kwa kipeo kidogo: 2² × 3, yaani 12. Kwa KDS huchukuliwa vigawo vyote kwa kipeo kikubwa: 2³ × 3² × 5 × 7, yaani 2,520.

Kipimo kinachojulikana ni kwamba KKS ikizidishwa kwa KDS hulingana na zao la namba zenyewe: 12 × 2,520 ni 30,240, sawa na 168 × 180. Lakini kipimo hiki kina upofu wake. Mwanafunzi akisahau 2 moja, atapata KKS ya 6. Akiitafuta KDS kwa kugawa 30,240 kwa 6, atapata 5,040. Zao linakubali, na majibu yote mawili ni makosa.

Kinachomfichua ni kugawa namba zote mbili kwa KKS yake. Kwa 6 zinatoka 28 na 30, ambazo bado zinagawanyika kwa 2. Basi kuna kigawo kilichoachwa. Kwa 12 zinatoka 14 na 15, zisizo na kigawo cha pamoja ila 1. Hapo KKS imethibitika, na KDS hupatikana tena kwa 12 × 14 × 15.

Picha ikiwa imekata ukingo wa karatasi na mti hauonekani, njia ya Yuklidi hutosha: 180 kutoa 168 ni 12, na 12 inaigawa 168 mara 14 bila baki. Njia hiyo huthibitisha jibu, lakini haionyeshi mwanafunzi alikosea wapi. Kwa hilo, karatasi ipigwe picha upya, ukurasa mzima.