Aiskrimu: Mkebe na uzani hufichua mengi kuliko picha ya kifuniko

WANUNUZI wa aiskrimu katika kisiwa cha Mombasa huwa na adui mmoja asiyewakera sana wenzao wa Nairobi, naye ni joto. Mwezi Machi, hewa ya mchana inapopita nyuzi 30 za Selsiasi, mkebe uliotolewa kwenye friza huanza kulainika kabla mnunuzi hajatoka Marikiti na kufika Kibokoni. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, au mwenye duka akiizima friza usiku ili kupunguza bili, bidhaa yote huweza kuyeyuka na kuganda tena pasipo mteja kujua.

Hata hivyo, aiskrimu huweka kumbukumbu ya yaliyoipata. Anayejua pa kutazama anaweza kutambua mambo matatu kabla ya kulipa: mafuta yaliyomo yametoka wapi, ananunua chakula kiasi gani na hewa kiasi gani, na iwapo bidhaa hiyo imewahi kuyeyuka.

Jambo la kwanza husomwa kwenye orodha ya viambato. Kanuni ya uwekaji lebo ni kwamba kiambato kilicho kizito zaidi hutangulia, na vingine hufuata kwa mpangilio wa uzito. Orodha inayoanza kwa maziwa, kisha malai na sukari, ni ya aiskrimu ya maziwa. Inayoanza kwa maji, ikafuatwa na sukari na mafuta ya mimea, halafu unga wa maziwa yaliyoondolewa malai, ni ya kitindamlo kilichogandishwa, hata kama mkebe umechorwa ng'ombe na maua ya vanila.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Nchini India, aiskrimu ya kawaida hutakiwa iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 10, na ile ya mafuta ya mimea hupewa jina jingine. Mwaka 2017, mzozo kuhusu suala hilo ulifika katika Mahakama Kuu ya Bombay, pale kampuni ya Hindustan Unilever ilipopinga matangazo ya watengenezaji wa Amul yaliyolinganisha aina hizo mbili.

Watengenezaji hutumia zaidi mafuta ya mawese au ya nazi kwa sababu huwa nafuu kuliko malai. Si sumu, na wala mafuta ya maziwa hayana nafuu kubwa kiafya, kwani yote matatu yana mafuta mengi ya aina inayoganda. Kinachobadilika ni ladha na namna yanavyoyeyuka mdomoni.

Mafuta ya nazi huyeyuka karibu nyuzi 25, ndiyo maana chupa yake hubaki maji Mombasa lakini huganda Nairobi asubuhi ya baridi. Mafuta ya maziwa huyeyuka kidogo kidogo na humalizikia karibu na joto la mwili, hivyo huacha ladha ya malai inayodumu. Baadhi ya mafuta ya mawese yana sehemu ngumu isiyoyeyuka upesi kinywani. Mlaji akimeza kisha akahisi utando kama wa nta kwenye kaakaa, huenda ameonja sehemu hiyo.

Mbali na mafuta, lebo hubeba namba zinazowatia wengi wasiwasi. E412 na E410 ni gundi zinazotokana na mbegu, na E407 hutokana na mwani wa baharini. Kazi yake ni kuyashika maji ili chembe za barafu zisikue. Namba E471 ni kiungo kinachosaidia mafuta na maji kushikamana, nacho huweza kutengenezwa kutokana na mimea au wanyama. Kwa hivyo, Mwislamu wa Mji wa Kale hawezi kupata jibu kwenye namba pekee. Hana budi kutafuta alama ya halali, na hali ni hiyo hiyo anapoona gelatini imetajwa.

Jambo la pili, yaani hewa, huwapita wanunuzi wengi. Aiskrimu inapogandishwa kiwandani huku ikikorogwa, hewa huingizwa ndani yake. Pasipo hewa ingekuwa jiwe lisiloingia kijiko. Lakini hewa haina gharama, na mikebe mingi huuzwa kwa lita badala ya kilo.

Tuchukue mfano wa mikebe miwili ya lita moja. Wa kwanza unauzwa Sh600 na una uzani wa gramu 600. Wa pili unauzwa Sh450 na una uzani wa gramu 450. Mnunuzi anayetazama bei peke yake ataona kwamba ameokoa Sh150. Akigawanya bei kwa uzani, atagundua kwamba katika mikebe yote miwili kila gramu 100 zinamgharimu Sh100. Hakuokoa chochote, amenunua chakula kichache.

Hesabu yaweza kuendelezwa. Lita moja ya mchanganyiko kabla ya kutiwa hewa huwa na uzani wa takriban kilo 1.1. Gramu 600 za mkebe wa kwanza basi zinatokana na zaidi kidogo ya nusu lita ya mchanganyiko, na iliyobaki ni hewa. Katika mkebe wa pili, mchanganyiko ni kama sehemu nne kwa kumi, na hewa ni sehemu sita. Iwapo orodha ya huo wa pili pia inaanza kwa maji na mafuta ya mimea, basi mnunuzi analipa bei ile ile kwa kila gramu ya kitu hafifu zaidi. Gramu zisipoandikwa, mikebe miwili ya ukubwa sawa ikishikwa mkono huu na huu, au ikiwekwa kwenye mizani, hutoa jibu.

Kipimo hicho hakifai kwa kulfi. Kitindamlo hicho chenye asili ya Bara Hindi hutengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa mpaka yakapungua na kuwa mazito, kisha hugandishwa kwenye vyombo vidogo pasipo kukorogwa. Hakina hewa ya kutajika, hivyo huwa kizito, kigumu na huchelewa kuyeyuka. Ugumu wake ni sifa, si kasoro.

Jambo la tatu ndilo lililo zito zaidi katika mji wa joto. Aiskrimu iliyotunzwa vyema hukaa katika nyuzi 18 chini ya sufuri. Humo, barafu yake ni chembe ndogo mno ambazo ulimi hauzitambui. Joto likipanda, chembe ndogo huyeyuka kwanza. Baridi ikirudi, maji yake hayaundi chembe mpya bali hujishikiza kwenye zile kubwa zilizosalia. Mzunguko huo ukirudiwa mara kadhaa, aiskrimu hukwaruza ulimi. Gundi za kwenye lebo hupunguza kasi ya jambo hilo, lakini haziwezi kulizuia.

Aiskrimu ikiyeyuka kabisa, hasara huwa kubwa zaidi kwa sababu hewa hutoroka. Hairudi tena friza inapowaka, maana hakuna anayekoroga. Hapo ndipo dalili zinapoonekana kwa macho. Kimo cha aiskrimu hushuka mbali na kifuniko, au hujitenga na ukuta wa mkebe. Ndani huwa na tabaka mbili: juu povu jepesi, chini kitu kigumu, kizito na chenye kung'aa kama barafu, mara nyingine chenye sukari nyingi inayonata. Nje, kifuniko hushikwa na michirizi iliyokauka.

Katika koni, biskuti hulegea badala ya kuvunjika. Barafu za kijiti, kama zile za ukwaju au maembe, hupinda au hugandamana na karatasi yake. Rangi na utamu hushuka upande uliokuwa chini, na upande wa pili hubaki mweupe na chapwa.

Theluji iliyo chini ya kifuniko yahitaji kuhukumiwa kwa uangalifu. Utando mwembamba waweza kutokana na friza kufunguliwa mara kwa mara. Theluji nene, ikiandamana na kimo kilichoshuka, ni ushahidi wa kutosha wa kuuacha mkebe. Aidha, si kila ukwaruzo ni barafu. Chembe za barafu hutoweka haraka ulimini, ilhali sukari ya maziwa iliyojitenga hubaki kama mchanga kwa muda. Mchanga huo hauna madhara, ila ni dalili ya kukaa muda mrefu au kupanda na kushuka kwa baridi.

Wanunuzi hukosea pia wanapoubonyeza mkebe na kuridhika kwa kuwa ni mgumu. Ugumu huonyesha baridi ya sasa tu. Ni umbo linaloeleza yaliyopita. Kadhalika, aiskrimu inayokawia kuyeyuka sahanini haithibitishi kwamba imejaa kemikali. Hewa na gundi humfanya donge ashike umbo, nazo huwamo katika aiskrimu ya malai na ya mafuta ya mimea vilevile.

Hatari ya iliyoyeyuka haiko katika ladha peke yake. Baridi kali huzuia vijidudu kuongezeka, lakini haiviui vyote. Mwaka 2015 nchini Marekani, ilibainika kwamba watu 10 walikuwa wameugua kutokana na bakteria wa Listeria waliohusishwa na aiskrimu za kampuni ya Blue Bell, na 3 kati yao walikuwa wamefariki katika jimbo la Kansas. Kasoro hiyo ilitoka viwandani wala si katika kuyeyuka, ila ilidhihirisha kwamba kijidudu huweza kuvumilia ndani ya barafu. Maziwa matamu yaliyokaa saa kadhaa katika joto la Mombasa huwapa vijidudu mwanya wa kuzaana, na kuyagandisha tena hakuondoi sumu ambazo baadhi yao huwa wameziacha. Wajawazito, wazee na watoto wachanga ndio walio katika hatari zaidi.

Kwa hivyo, friza yenyewe yastahili kukaguliwa. Friza nyingi za kufunguka juu zina mstari ndani ya ukuta unaoonyesha mwisho wa kupakia. Mikebe iliyorundikwa juu ya mstari huo haipati baridi ya kutosha, na ni bora kuchukua iliyo chini. Wachuuzi wa baiskeli wanaozunguka karibu na Fort Jesus hutegemea baridi iliyohifadhiwa ndani ya sanduku, ambayo hupungua kila kifuniko kinapofunguliwa. Bidhaa ya asubuhi huwa salama zaidi kuliko mabaki ya alasiri.

Baada ya hapo, jukumu ni la mnunuzi. Aiskrimu huchukuliwa mwisho, baada ya samaki na mboga, hufungwa kwa magazeti au kutiwa katika mfuko wa kuhifadhi baridi, na kupelekwa nyumbani moja kwa moja. Ikifika imelainika kidogo pembeni, irudishwe kwenye friza na iliwe mapema. Ikifika imekuwa uji, dawa yake si friza tena. Iliwe papo hapo au imwagwe.