Mufuko wenye tundu: ni panya ao ni vidudu? Namna ya kusoma picha

Mwaka uliopita, miezi mbili nyuma ya mavuno, tulipokea picha moja ku telefone kutoka koperative ya milimani, upande wa Walungu. Ilionyesha mufuko wa mahindi umeegemea ukuta wa depo. Chini, kwa kona, kuna tundu, na punje zimemwangika ku sakafu pamoja na vitu vyeusi vidogo. Ujumbe ulikuwa mufupi: « Panya wanatumaliza. Komite imekusanya franka za kununua sumu. Mutuambie ni sumu gani. »

Nyuma ya ujumbe huo kulikuwa maneno mengine, tuliyoyajua siku ya pili. Mufuko ule uliingia na kilo 100, sasa mizani inasema kilo 91. Wamoja walikuwa wanasema panya. Wengine walikuwa wanamwangalia mukuu wa depo kwa jicho baya.

Hatukujibu jina la sumu. Tuliomba picha zingine mbili. Sababu ni hii: sumu ya panya haiui kidudu hata kimoja, na dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi haimuzuie panya kutoboa mufuko. Mutu akikosea adui, anapoteza franka mara mbili, na mahindi yanaendelea kuliwa.

Tuangalie kwanza tundu. Ile ya ku picha ilikuwa kubwa kuliko kidole gumba. Kando yake haikuwa laini: nyuzi za mufuko zilikatwa moja moja, zingine fupi, zingine ndefu, kama kitambaa kilichotafunwa. Iko chini, karibu na ukuta, fasi panya anapopita akijificha. Hiyo ni kazi ya meno, hakuna mashaka. Kidudu hakifanyi vile. Kikitoboa mufuko, kinaacha katundu ka mviringo kasiko hata na upana wa kijiti cha kiberiti, na munaweza kutukuta mingi, huku na kule, hata katikati ya mufuko fasi panya hana pa kusimama.

Sasa vile vitu vyeusi. Kwa picha ya kwanza vilikuwa vidoto tu, havisemi kitu. Kwa hiyo tuliomba waweke kijiti cha kiberiti pembeni na kupiga picha kwa karibu. Hapo vilionekana vizuri: vyembamba, ncha mbili zimechongoka, urefu kama milimeta 12, yaani nusu ya nusu ya kijiti. Ni mavi ya panya mukubwa, yule anayependa kupita juu ya mbao za paa. Yangekuwa madogo kama punje ya mucele, milimeta 3 mpaka 6, tungesema ni kapanya kadogo ka nyumba, na kale kanapita mu tundu ndogo kabisa, hata pale munapofikiri mulango umefungwa vizuri. Mavi mengine yalikuwa yanang’aa, mengine yamegeuka majivu na kupasuka. Yanayong’aa ni ya siku hizi. Basi panya alikuwa bado anakuja.

Hapa watu wengi wanadanganyika, hata sisi. Mende anaacha mavi meusi pia, lakini ni madogo sana, milimeta 1 mpaka 3, ncha zake hazikuchongoka, na ukiyaangalia karibu yana mistari ya urefu. Ya mujusi yana kipande cheupe kwa ncha moja. Ya popo yanafanana sana na ya kapanya, lakini ukiyabonyeza na kijiti yanavunjika kuwa vumbi linalometameta, juu popo anakula vidudu na mabawa yao yanabaki ndani. Picha pekee haiwezi kutenganisha popo na panya. Kijiti kinaweza. Nasema kijiti, si kidole.

Vidudu vya mahindi havina mavi ya kuonekana namna hiyo. Uchafu wao ni vumbi, unga mweupe ao wa manjano kidogo, unaoshuka chini ya mufuko na kupaka vidole. Na kweli, tulipokuza ile picha ya kwanza, kulikuwa unga ku sakafu, umezunguka punje zilizomwangika. Komite haikuuona, kwa sababu macho yote yalikwenda kwa tundu kubwa. Panya anatafuna na kuacha vipande na maganda, lakini haachi unga laini mwingi. Pale ndipo tulianza kufikiri kwamba kuna mwizi wa pili.

Picha ya tatu ndiyo ilimaliza mambo. Tuliwaomba wachote mahindi juu, katikati na chini ya mufuko, wachanganye, halafu wahesabu punje 100 bila kuchagua na kuzitandika ku kitambaa cheupe. Punje 34 zilikuwa na tundu la mviringo, safi, kama limetobolewa na sindano nene. Punje 7 zilikuwa zimekatwa pande moja tu: ile pande laini yenye kiini, kule mahindi yanakoota. Zingine 59 hazikuonekana na ubaya.

Punje zilizokatwa kiini ni za panya. Panya ana tabia ya kuanza na kiini, sababu ndicho kitamu, na anaweza kuacha sehemu ngumu na kwenda kwa punje nyingine. Mukimulika na torshi kutoka pembeni, mutaona mikwaruzo miwili miwili, sambamba, ya meno ya mbele. Kwa mufuko wa mbegu hiyo ni hasara kubwa kuliko kilo zinavyoonyesha: punje bado iko na uzito, lakini haitaota tena.

Punje zenye tundu la mviringo ni za kidudu cha mudomo murefu, kile wengine wanakiita fukusi. Mama yake anatoboa punje kidogo, anaweka yai ndani, anaziba. Mutoto anakula ndani kwa ndani, na tundu munaloona ni mulango aliotokea akiwa mukubwa. Kwa hiyo tundu ni habari ya zamani. Mu joto, kutoka yai mpaka kutoka inje ni kama wiki tano. Mu baridi ya milimani inachukua wakati zaidi. Kati ya zile punje 59 « nzuri », hakuna picha inayoweza kuonyesha ngapi zilikuwa na mutoto ndani. Mutu akitaka kujua, aweke viganja viwili vya punje zisizo na tundu mu chupa inayoonekana ndani, afunge mudomo na kitambaa, angoje mwezi moja na nusu.

(Kwa maharagi ni vilevile, lakini tundu ni pana kidogo na zinaweza kuwa nyingi ku punje moja. Mbele ya kidudu kutoka, munaona kadirisha ka mviringo ku ganda, kama doa la kioo. Mukiona kadirisha, mujue vingine viko njiani.)

Basi jibu lilikuwa: panya wako, lakini mwizi mukubwa ni kidudu. Kama wangenunua sumu tu, wangeona panya wamekufa, wangefurahi, na mahindi yangeendelea kugeuka unga.

Juu ya kilo 9 zilizokosa, lazima niseme wazi. Picha inaonyesha kilichobaki. Punje panya aliyoibeba ku shimo lake haimo mu ile 100, na punje mutu aliyoibeba haimo pia. Tuliambia komite kwamba panya na kidudu wanaweza kweli kupunguza mufuko namna ile kwa miezi mbili, na kwamba hakuna kitu ku picha kinachomushitaki mukuu wa depo. Zaidi ya pale picha haiendi. Waliamua kupima mifuko mitano kila juma mbele ya watu wawili, na hiyo ilikuwa akili nzuri kuliko kusengenyana.

Komite ilitaka kukimbilia mifuko ya tabaka tatu, ile yenye plastiki mbili ndani, ambamo hewa inakwisha na kidudu kinakufa. Ni dawa nzuri kwa fukusi. Lakini kuiweka mu depo yenye panya ni kutupa franka. Panya akitoboa plastiki usiku moja, hewa inaingia, na vidudu vinapata uzima. Kwa hiyo panya kwanza.

Walisogeza mifuko nusu ya mita kutoka ukuta, wakaiweka juu ya palete, ili mutu azunguke na kuona mavi mapya. Waliziba tundu za ukuta na simenti iliyochanganywa na vipande vya chupa, wakapiga bati chini ya mulango uliokuwa umetafunwa. Mitego iliwekwa kandokando ya ukuta, si katikati ya depo, sababu panya anapenda kutembea akigusa ukuta. Sumu hawakuweka, na hatuipendi karibu na chakula. Mavi ya zamani hawakuyafagia makavu: waliyamwangia maji ya javeli, wakangoja, wakayaokota na karatasi, kisha wakanawa na sabuni. Vumbi la mavi na mikojo ya panya linaleta magonjwa. Na ndugu zetu wa Ituri, ambako tauni ingali inaonekana, wajue kwamba wakikuta panya wengi wamekufa bila sumu wala mutego, wasiwaguse, wapashe habari ku santre ya afya.

Asubuhi tatu zikapita bila mavi mapya. Ndipo walipepeta mahindi, wakayaanika juu ya bashe mpaka punje ikiumwa inavunjika kwa sauti, wakaingiza mu mifuko ya tabaka tatu na kufunga kila plastiki peke yake. Tuliwaambia wasifungue mbele ya mwezi moja. Mahindi yaliyotobolewa sana waliyatenga kwa kuku.

Kwa wale watakaotutumia picha: mupige tatu. Ya kwanza ya mbali, ionyeshe mufuko, ukuta na sakafu. Ya pili ya tundu na mavi kwa karibu, pamoja na kijiti cha kiberiti. Ya tatu ya punje 100 ku kitambaa cheupe. Mufute kioo cha telefone na nguo safi mbele. Musitumie mwangaza wa telefone yenyewe, unafuta mikwaruzo ya meno. Mutu mwingine ashike torshi pembeni. Na muandike tarehe mufuko ulipoingia mu depo, pamoja na kilo zake za siku ile.